Malipo Yaliyoidhinishwa Mezani Pangu

Alhamisi ya tarehe 14 Machi 2024, robo saa hivi kabla ya adhana ya magharibi, mteja wangu aliketi kwenye meza yangu ya chakula hapa Tudor, Mombasa, akafungua kompyuta yake, akaniomba nywila ya intaneti ya nyumbani kwa sababu bando lake lilikuwa limekwisha, kisha akaidhinisha malipo ya awamu mbili za kazi niliyokuwa nimemfanyia. Baada ya futari nilifungua kompyuta yangu mwenyewe na kuomba pesa hizo zihamishiwe benki. Siku iliyofuata, jukwaa la mtandaoni tulilokuwa tukifanyia kazi lilinijulisha kwamba malipo yangu yamo katika mapitio, na kufikia Jumatatu akaunti yangu ilikuwa imefungwa. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa sentensi tatu. Ya kati ndiyo iliyoniuma: ilisema kwamba shughuli katika akaunti yangu hazifanani na kazi halisi baina ya mteja na mtoa huduma.

Pesa zilizozuiliwa zilikuwa dola 792. Ninaieleza kazi yenyewe kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanategemea umbo lake. Mteja wangu ni mtafiti wa chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, na alikuwa amerekodi mahojiano 18 na wavuvi wa Lamu na Kilifi kuhusu bei za samaki na misimu ya bahari. Yeye anakijua Kiswahili cha darasani, lakini wavuvi wa Lamu hawakuzungumza naye Kiswahili cha darasani, walizungumza Kiamu, na ndiyo maana alimtafuta mtu wa pwani. Nilipaswa kunukuu sauti neno kwa neno na kuitafsiri kwa Kiingereza, kwa dola 1.20 kwa kila dakika ya sauti. Dakika zote zilikuwa 990. Tuliigawa kazi katika awamu tatu za mahojiano sita, kila moja dola 396. Awamu ya kwanza ililipwa Januari, yeye akiwa kwao, bila shida yoyote. Zilizonasa ni ya pili na ya tatu.

Rufaa yangu ya kwanza niliiandika usiku uleule wa Jumatatu, nayo ilikuwa mbaya. Nilieleza kwamba kila dakika ya sauti ilinila dakika sita za kazi, kwamba nimekaa na vipokea sauti masikioni kwa saa karibu 100, na kwamba ninatunza nyumba. Nikaambatisha picha za skrini 41, nyingi zikiwa za mazungumzo yetu ya WhatsApp, bila mpangilio wowote. Siku tatu baadaye lilikuja jibu la kukataa ambalo ninaamini halikuandikwa na mtu. Mdogo wangu alipoona nimeduwaa aliniambia, "Dada, fungua akaunti nyingine kwa kitambulisho changu, mbona wenzako wanafanya." Alikuwa na nia njema, na nusura nimsikilize. Sikufanya hivyo, na sasa ninajua ningejimaliza, kwa maana jukwaa hutambua kompyuta ileile na akaunti ileile ya benki hata jina likibadilika, na kuazima akaunti ya mtu ni kosa halisi ambalo lingechukua nafasi ya kosa la kudhaniwa tu.

Aliyenifumbua macho ni mjomba wangu, ambaye kabla ya kustaafu alifanya kazi ya benki kwa miaka mingi, sehemu yake ikiwa katika dawati la malalamiko ya kadi. Nilimsomea rufaa yangu kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpwa wangu, hapa hawakuulizi kama umefanya kazi. Wanakuuliza pesa hizi ni za nani, na kama huyu aliyezilipa si wewe mwenyewe."

Alinieleza wizi ambao mkaguzi wa malipo anautazamia. Mtu anapata namba za kadi iliyoibiwa. Hawezi kwenda nayo kwenye mashine ya benki, basi anafungua akaunti mbili kwenye jukwaa la kazi, moja ya mteja na moja ya mfanyakazi, anajipa kazi, anajilipa kwa ile kadi, na haraka iwezekanavyo anazihamisha pesa kabla mwenye kadi hajagutuka. Mwenye kadi akigutuka hulalamika kwa benki yake, na kwa malalamiko mengi ya kadi ana hadi siku 120 za kufanya hivyo. Benki humrudishia pesa kwa kuzichukua jukwaani, na jukwaa hubaki na hasara kwa sababu mfanyakazi wa bandia ameshatoweka. Kwa hiyo katika wizi huu kazi inaweza hata kuonekana nzuri: faili zimepakiwa, sifa zimeandikwa, nyota tano zimetolewa. Ubora wa kazi haumwondolei mkaguzi shaka, kwa kuwa shaka yake haiko kwenye kazi.

Baada ya simu hiyo nilichukua karatasi nikajaribu kuuona ule usiku wa futari kwa macho ya mtu aliyeko mbali, ambaye hanijui, na ambaye ana rekodi za seva tu. Aliona nini? Aliona akaunti ya mteja, ambayo kwa miezi yote ilikuwa ikiingia kutoka Ujerumani, ghafla inaingia kutoka anwani ya IP, yaani namba ya utambulisho wa intaneti, ambayo kila siku ni yangu. Aliona awamu mbili zikiidhinishwa ndani ya dakika chache. Nilipompigia simu mteja wangu kumuuliza, nikagundua jambo ambalo sikulijua: kadi aliyolipia Januari ilikuwa imekwisha muda wake, na safari hii alikuwa ameweka kadi ya mumewe, yenye jina tofauti kabisa na la akaunti yake. Na mwisho, aliona ombi la kuhamisha pesa zote katika jioni hiyohiyo. Ukiziweka ishara hizi nne pamoja, hata mimi ningeifunga akaunti hiyo. Kadi ngeni, jina geni, nyumba moja, haraka ya kutoa pesa. Hasira yangu ilipungua sana baada ya zoezi hilo, ingawa bado ninaona walipaswa kuniuliza kabla ya kufunga.

Hapa kuna hoja ambayo wengi hukimbilia, nami karibu niitumie. Kampuni nyingi za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP ya nje, na tangu mwaka 2012 kuna safu maalumu ya anwani, `100.64.0.0/10`, iliyotengwa kwa mpangilio huo. Mtu anayefanya kazi kwa data ya simu anaweza kabisa kuonekana yuko mahali pamoja na mgeni asiyemjua. Kama hilo ndilo lililokupata, lieleze. Lakini kwangu halikuwa hivyo. Mteja alikuwa nyumbani kwangu, kwenye ruta yangu, akisubiri tende na maji. Kumwambia mkaguzi kwamba ni sadfa ya mtandao kungekuwa uongo, tena uongo ambao angeugundua kwa urahisi, kwa sababu intaneti yangu ni ya waya na anwani yake haibadiliki mara kwa mara. Nikaamua kwamba jambo baya kuliko yote katika faili langu ndilo nitakalolisema kwanza.

Swali likawa: ninawezaje kuonyesha kwamba watu wawili tofauti walikuwa mezani pale? Nilichojifunza katika kujibu swali hili ni kwamba uzito wa ushahidi hautokani na wingi wake. Unatokana na nani anaushika. Kile ninachoweza kukitengeneza mwenyewe nikiwa jikoni hakina uzito mkubwa. Kile kilichomo mikononi mwa jukwaa lenyewe, au mikononi mwa mtu wa tatu anayeweza kuulizwa, ndicho kinachomtikisa mkaguzi.

Zile picha 41 za WhatsApp, kwa mfano, zilikuwa karibu na bure. Picha ya skrini hutengenezwa kwa dakika tano, na hata ukihamisha mazungumzo yote kutoka WhatsApp unapata faili la maandishi matupu ambalo yeyote anaweza kulihariri. Hilo liliniuma, kwa sababu nusu ya mazungumzo yetu ya maana tulikuwa tumeyafanya huko, kwa uvivu tu wa kutofungua jukwaa.

Faili za kazi nazo zina ushahidi wa ndani, wenye nguvu kiasi. Faili la `.docx` ni mfuko uliobanwa, na ndani yake mna kurasa ndogo zinazosema nani aliliunda, lini, na lilihaririwa kwa dakika ngapi. Kwenye kompyuta yenye Linux au Mac unaweza kuzisoma hivi:

```
unzip -p mahojiano_07.docx docProps/core.xml
unzip -p mahojiano_07.docx docProps/app.xml
```

Katika ukurasa wa kwanza tafuta `dcterms:created` na `cp:lastModifiedBy`, na katika wa pili tafuta `TotalTime`. Mahojiano yangu ya saba, yenye dakika 57 za sauti, yalionyesha dakika 338. Namba hiyo ilikaribiana vizuri na mwendo wangu wa dakika sita kwa moja, na nilifurahi kuiona, lakini mjomba alinituliza. Hesabu hiyo huendelea faili likiwa wazi hata kama umekwenda kupika, na anayejua kuufungua mfuko anajua pia kubadilisha kilichomo. Niliitaja kwa sentensi moja tu. Kinachoipa thamani ni kwamba nakala ileile ilikuwa imepakiwa jukwaani Februari, wiki tatu kabla ya mzozo, hivyo wangeweza kuifungua nakala yao wenyewe bila kuniamini mimi.

Ushahidi bora kuliko wote ulikuwa umekaa kimya katika kisanduku cha ujumbe cha jukwaa, nami nilikuwa nimeudharau kwa sababu ulikuwa ni ugomvi. Katika mahojiano ya nne mvuvi mmoja alisema kwamba bei hushuka wakati wa bamvua na kupanda maji yanapokuwa mafu. Niliandika tafsiri moja ya "maji mafu", mteja akaikataa, akaona nimeielewa kama maji machafu yasiyo na samaki. Tuliandikiana ujumbe 11 katika siku mbili kuhusu neno hilo. Nilimweleza kwamba bamvua ni kipindi cha maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu ni kipindi cha katikati ambapo maji hayapandi wala kushuka sana. Aliniomba nitafute kila mahali palipotajwa maneno hayo katika mahojiano yote sita, niyasawazishe, nipakie upya. Nilipakia upya. Baadaye tukagombana tena kidogo kuhusu kusi na kaskazi, kama ziitwe pepo au misimu.

Nilipomsimulia mjomba alicheka. Mtu anayejilipa mwenyewe hajirudishii kazi, alisema. Kazi ya bandia haina marekebisho, haina swali la kipumbavu, haina mteja anayechelewa kujibu siku nne kwa sababu ana mafua. Kazi halisi imejaa mikwaruzo, na mikwaruzo yetu ilikuwa na tarehe, iliandikwa kutoka nchi mbili, na ilikuwa kwenye seva zao.

Basi niliandika upya. Safari hii lilikuwa faili moja la PDF lenye kurasa sita. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jedwali la mistari mitatu, mstari mmoja kwa kila awamu: tarehe tuliyokubaliana, majina ya faili nilizopakia, tarehe ya kupakia, tarehe ya marekebisho, tarehe ya idhini, na kiasi kilicholipwa. Kila tarehe niliiandika kwa saa za kimataifa za UTC, kwa sababu rekodi za seva kwa kawaida huwekwa hivyo na sisi tuko mbele kwa saa tatu, na sikutaka mkaguzi adhani nimekosea siku. Chini ya jedwali niliandika maneno ambayo ninayatafsiri hapa kutoka Kiingereza:

"Malipo ya tarehe 14 Machi yaliidhinishwa kutoka kwenye mtandao wa nyumbani kwangu. Mteja alikuwa Mombasa kwa utafiti, alikuwa mgeni wangu jioni hiyo, na alitumia intaneti yangu kwenye kompyuta yake. Ninaomba mlinganishe kifaa kilichoidhinisha malipo na kifaa kilichopakia faili. Mtakuta ni vifaa viwili, na kile cha mteja ndicho kilichoingia kutoka Ujerumani tangu Novemba."

Aya hiyo ndiyo moyo wa rufaa nzima. Sikuwaomba waniamini. Niliwaonyesha pa kutazama katika rekodi zao, ambako mimi sina mkono. Kompyuta yake ina lugha ya Kijerumani, kivinjari tofauti, skrini ya ukubwa tofauti, na mambo hayo majukwaa huyaona kila mtu anapoingia.

Kurasa zilizobaki zilihusu kuwepo kwa mteja kama mtu. Yeye mwenyewe aliandika barua kutoka anwani yake ya chuo, akaituma moja kwa moja kwa jukwaa kupitia akaunti yake ya mteja, kwa maana barua ambayo ningeinakili mimi ingekuwa maneno yangu tu. Aliambatisha leseni yake ya utafiti kutoka NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambayo ina alama ya QR ya kuithibitisha, na iliyotaja kaunti na mada ileile iliyomo katika faili zangu. Aliongeza muhuri wa kuingia nchini katika pasipoti yake, akificha namba. Kuhusu kadi, mumewe aliandika barua fupi ya kukiri kwamba alimruhusu, na wakatuma mstari mmoja wa taarifa ya benki unaoonyesha malipo yale, mistari mingine ikiwa imefunikwa. Kadi yenyewe hawakuipiga picha ila tarakimu nne za mwisho. Hakuna mkaguzi wa haki anayehitaji namba nzima.

Kulikuwa na mtego ambao ningependa kuueleza kwa utulivu, kwa sababu wanukuzi na wafasiri wengi huuangukia. Ushahidi wangu mzuri ulikuwa ni maneno ya watu wengine. Wale wavuvi walikubali kuhojiwa kwa ahadi ya siri, na baadhi yao walitaja majina ya madalali na madeni yao. Sikuwa na haki ya kuwapelekea wakaguzi wa jukwaa mahojiano hayo ili kuokoa dola zangu. Nilimwomba mteja ridhaa ya maandishi, naye akaruhusu ukurasa mmoja tu wa mahojiano mawili, majina yakiwa yamefutwa. Kufuta kwenyewe kunahitaji uangalifu: ukichora mstatili mweusi juu ya maandishi katika PDF, mara nyingi maneno hubaki chini yake, na mtu akiyachagua na kuyanakili yanatokea yote. Niliugeuza kila ukurasa kuwa picha kwanza, kisha nikajaribu kunakili mwenyewe kabla ya kutuma.

Katika aya ya mwisho niliomba kesi isomwe na mtu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kuomba uamuzi uliofanywa na mashine pekee utazamwe upya ikiwa unamwathiri kwa kiasi kikubwa, na sheria hiyo inazigusa hata kampuni za nje zinazochakata data za watu walioko Kenya. Niliitaja kwa sentensi moja, bila vitisho. Sheria ni njia moja, lakini kuisimamisha kampuni iliyo ng'ambo mbele ya Kamishna wa Data kwa ajili ya dola 792 ni safari nyingine, na nilitaka jibu kabla ya Idi.

Nilituma tarehe 2 Aprili. Jibu lilikuja tarehe 11, siku ya pili ya Idi, na safari hii lilikuwa na dalili za binadamu: lilitaja mahojiano ya nne. Walikubali kwamba kazi ilikuwa halisi na kwamba mimi na mteja ni watu wawili. Hata hivyo, hawakukubali kadi. Kanuni zao zinataka jina la kadi lifanane na la mwenye akaunti, na barua ya mume haikuibadilisha kanuni. Waliurudisha mzigo wote wa dola 792 kwenye kadi ya mumewe, wakamtaka mteja aweke kadi yake mwenyewe, kisha alipe tena. Kwa siku kadhaa nilikuwa na akaunti iliyofunguliwa na salio la sifuri, hali ambayo sikuwahi kuifikiria. Mtu asiye mwaminifu angeweza kuniacha hapo. Yeye alisubiri kadi mpya ya benki yake, akalipa kutoka kwao, nami pesa zilinifikia Mei.

Kuna aliyependekeza tusijisumbue, anitumie tu pesa kwa njia nyingine nje ya jukwaa. Hilo lingevunja kanuni na kuithibitisha tuhuma ileile tuliyokuwa tumetumia kurasa sita kuikanusha.

Tangu hapo majadiliano yote ya kazi ninayafanya ndani ya jukwaa, hata yale ya kipuuzi, na mteja akiuliza jambo kwa WhatsApp ninamjibu kwa upole kwamba nimemwandikia kule. Agosti, kusi likivuma, mtafiti wangu alirudi Mombasa na kazi nyingine ya mahojiano tisa. Alikuja nyumbani, nikampikia samaki wa kupaka, tukazungumza mpaka usiku. Alipotoa kompyuta yake nilimwelekeza duka la jirani akanunue bando.